Chumvi ya bahari: mwongozo wa kuielewa kwa hesabu, ndoo na bomba la sindano ukiwa Mbeya

Mvua inayonyesha kwenye milima inayoizunguka Mbeya hugawanyika njia tatu. Maji yanayoshuka upande wa Mbarali huingia bonde la Usangu, yakawa Ruaha Mkuu, yakapita Mtera na Kidatu, yakaungana na Rufiji na kumwagika Bahari ya Hindi mkabala na Mafia. Yanayoshuka Rungwe kwa mto Kiwira huishia Ziwa Nyasa, na Nyasa hutoa maji yake kusini kwa mto Shire, kisha Zambezi, kisha bahari ile ile. Yanayofuata mto Songwe wa kaskazini huingia Ziwa Rukwa, na hapo ndipo mwisho wa safari, kwa kuwa Rukwa halina mto unaotoka.

Ninaanzia hapa kila mwaka ninapofika mada ya bahari na kidato cha tatu, na kuwauliza kwa nini bahari ina chumvi. Wengi darasani hawajaiona bahari, lakini karibu kila mmoja anamjua mtu wa Kyela anayekunywa maji ya Nyasa, na wanaotoka bondeni kwa Rukwa wanajua kwamba maji ya ziwa lile yana ladha ya magadi. Mvua ni ile ile na milima ni ile ile. Nyasa lina mlango wa kutokea, kwa hiyo sehemu ya madini yanayoingia hutoka pamoja na maji. Rukwa halina, kwa hiyo jua huchukua maji na kuacha madini. Bahari nayo haina mto unaotoka.

Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, kama madini yanaingia kila siku na hayatoki, mbona bahari haijawa chumvi tupu?" Swali lake ndilo lililonifanya niupange mwongozo huu. Utahitaji kalamu, ndoo, paketi ya chumvi, kipimajoto, mirija michache na bomba la sindano lisilo na sindano. Vyote vinapatikana soko la Mwanjelwa, isipokuwa kipimajoto ambacho utaazima maabara.

Hesabu ya kwanza: bahari ingejaa chumvi kwa muda gani?

Chukua lita moja ya maji ya mto, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe kwenye sufuria safi hadi yakauke. Usishangae kipimajoto kikigoma kufika nyuzi joto 100. Mbeya ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi. Utakachobaki nacho ni utando mweupe mwembamba ambao mizani ya kawaida ya maabara huenda isiuone. Kwa wastani wa mito ya dunia, lita moja hubeba karibu gramu 0.1 ya madini yaliyoyeyuka. Kilo moja ya maji ya bahari hubeba wastani wa gramu 35. Kwa hiyo bahari imekolea mara 350 kuliko mto.

Sasa fanya hesabu. Bahari zote zina maji ya kilometa za ujazo zipatazo bilioni 1.33. Mito yote ya dunia huingiza baharini karibu kilometa za ujazo 37,000 kwa mwaka. Gawanya: mito ingehitaji miaka kama 36,000 kuijaza bahari mara moja. Ili ifikie gramu 35 ingebidi ijazwe na kukaushwa mara 350. Zidisha, utapata kama miaka milioni 12 na nusu.

Hapo ndipo penye kitendawili. Bahari ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 3. Kama chumvi ingekuwa inaingia tu bila kutoka, ingekuwa imeganda zamani sana. Mwanasayansi wa Ireland, John Joly, alifanya hesabu ya namna hii mwaka 1899 kwa kutumia sodiamu peke yake, akapata kwamba dunia ina umri wa miaka milioni 90 hivi. Alichokipata si umri wa dunia. Ni kipimo cha muda ambao sodiamu hukaa baharini kabla ya kuondoka, ingawa yeye mwenyewe hakuliona hivyo.

Rudia hesabu kwa madini mawili tofauti, maana hapa ndipo utakapoona jambo lenyewe. Maji ya mito yana wastani wa miligramu 6 za sodiamu kwa lita, bahari ina karibu miligramu 10,800. Hiyo ni mara 1,800, na ukizidisha kwa miaka 36,000 unapata karibu miaka milioni 65. Kalsiamu sasa: mito ina kama miligramu 15 kwa lita, bahari ina 412 tu. Hiyo ni mara 27, yaani karibu miaka milioni moja. Mito inaingiza kalsiamu nyingi kuliko sodiamu, lakini baharini kalsiamu ni chache. Maana yake kuna kitu kinaitoa kwa kasi.

Kitu hicho ni viumbe. Kome, chaza, matumbawe na vijiumbe vidogo visivyoonekana kwa macho hujenga magamba na mifupa yao kwa kalsiamu, na wakifa magamba hayo huzama na kuwa mawe ya chokaa. Ukitaka kuona kalsiamu ikitoka majini bila kwenda pwani, nenda kwenye chemchemi za maji moto za Songwe. Maji yanatoka chini yakiwa na kalsiamu nyingi, yakifika juu yanapoteza hewa ya kaboni, na kalsiamu inaganda kuwa mawe meupe yaliyopangana kama ngazi. Pale hakuna kome wala matumbawe, ni kemia tupu. Tokeo ni lile lile: jiwe la chokaa linabaki na maji yanaondoka yakiwa mepesi.

Sodiamu haina mla wake. Hakuna kiumbe anayejenga gamba la sodiamu, na chumvi ya mezani haigandi mpaka maji yawe yamekauka karibu mara kumi. Ndiyo maana hukaa mamilioni ya miaka, na ndiyo maana bahari ni ya sodiamu na kloraidi hata kama mito si hivyo. Hutoka polepole: nyingine huingia kwenye matope ya sakafu ya bahari, nyingine hubaki kwenye ghuba zilizofungwa zikakauka na kuacha matabaka ya chumvi ya mawe. Kinachoingia na kinachotoka vinakaribiana, kwa hiyo bahari inabaki pale pale kwenye 35. Hilo ndilo jibu la yule mwanafunzi.

Kuhusu kloraidi, usiandike kwenye mtihani kwamba imetoka kwenye miamba kama sodiamu. Mvua yenye asidi kidogo hula miamba kama ile ya volkano ya Rungwe na kuachia sodiamu, kalsiamu na magnesi, lakini miamba hiyo ina klorini kidogo mno kulinganisha na iliyopo baharini. Sehemu kubwa ya klorini ilitoka ndani ya dunia kama gesi za volkano tangu enzi dunia ikiwa changa, ikayeyuka kwenye maji ya mwanzo kabisa. Chumvi unayoijua ina wazazi wawili: sodiamu ya mwamba na kloraidi ya volkano.

Kutengeneza maji ya bahari kwenye ndoo

Gramu 35 ni kwa kilo moja ya maji ya bahari, siyo kwa lita moja ya maji unayoanza nayo. Ukitia gramu 35 kwenye lita nzima ya maji, mchanganyiko una uzito wa gramu 1,035, na kiwango chako kinashuka hadi karibu 33.8. Sahihi ni gramu 35 za chumvi na gramu 965 za maji. Kosa hilo ni dogo, lakini tofauti kati ya 33.8 na 35 ni kubwa kuliko tofauti nyingi unazozikuta unaposafiri kwenye bahari ya wazi.

Kama shule haina mizani nzuri, acha kupima kwa kijiko. Chumvi laini na chumvi ya mawe hazina uzito sawa kwenye kijiko kimoja. Tumia uzito ulioandikwa kwenye paketi. Paketi ya gramu 500 ukiiyeyusha yote kwenye lita 13.8 za maji unapata maji ya kiwango cha 35. Chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu ikijazwa mara 9 ni lita 13.5, ongeza mililita 300. Ukitumia paketi ya gramu 250, maji yawe lita 6.9. Koroga mpaka huoni chembe chini, kisha subiri dakika kumi. Chumvi yenye madini joto mara nyingi huacha maji yakiwa na ukungu kidogo kwa sababu ya unga unaozuia isishikane. Ukungu huo hauharibu jaribio.

Maji haya si maji halisi ya bahari. Ndani ya gramu 35 za bahari, kloraidi ni kama asilimia 55 na sodiamu karibu 31. Zinazobaki ni salfeti, magnesi, kalsiamu, potasi na vinginevyo. Lakini kwa uzito na kuelea, ambako ndiko tunakokwenda, ndoo yako inatosha.

Kuna jambo moja la ajabu kuhusu asilimia hizo. Kati ya mwaka 1872 na 1876 meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia ikichota maji ya bahari, na mkemia William Dittmar akapima sampuli 77. Sampuli moja ilikuwa na chumvi nyingi kidogo, nyingine pungufu, lakini uwiano wa madini kati yao ulikuwa karibu sawa kila mahali. Hii ndiyo sababu leo mtaalamu anaweza kupima kitu kimoja tu, jinsi maji yanavyopitisha umeme, akajua kiwango chote cha chumvi. Kama uwiano ungekuwa unabadilika ovyo kama kati ya Rukwa na Nyasa, njia hiyo isingefanya kazi.

Mrija unaopima densiti

Bahari inajipanga kwa uzito wa maji yake. Maji mazito yanakwenda chini, mepesi yanabaki juu. Uzito huo kwa kila ujazo ndio densiti, na unaweza kuupima kwa mrija wa soda.

Ziba upande mmoja wa mrija kwa nta ya mshumaa, tumbukiza mchanga mkavu kidogo kidogo mpaka mrija usimame wima majini huku sehemu ya juu ikichungulia. Urekebishe hadi sentimita 10 ziwe ndani ya maji baridi yasiyo na chumvi. Weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Sasa uhamishie kwenye maji ya ndoo. Utapanda, lakini kwa milimita 2 na nusu tu.

Wanafunzi wengi hukata tamaa hapa na kusema jaribio limeshindikana. Halijashindikana. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto kwa asilimia mbili na nusu tu, na mrija unakuonyesha hivyo hivyo. Ili uone vizuri, tengeneza pia maji yenye chumvi mara mbili, yaani gramu 70 kwa kilo, ambako mrija utapanda karibu milimita 5. Sasa una alama tatu na unaweza kukisia zilizo katikati. Kama alama zako zinarukaruka, tazama vitu viwili. Cha kwanza ni mapovu madogo yaliyoganda kwenye mrija, ambayo huuinua. Yapanguse kwa kidole. Cha pili ni joto. Ndoo iliyokaa juani na ndoo iliyokaa kivulini hazilinganishwi, hata zikiwa na chumvi sawa. Kosa hili ndilo linalotupeleka kwenye jaribio ninalolipenda kuliko yote.

Chumvi na joto vikishindana

Chumvi huongeza uzito wa maji, joto hupunguza. Je, maji ya moto yenye chumvi yatazama au yataelea kwenye maji ya baridi yasiyo na chumvi? Darasa langu hugawanyika nusu kwa nusu kila mara, na wote wana haki, kwa kuwa jibu hutegemea kiasi.

Kata juu ya chupa angavu ya lita moja na nusu, ijaze maji ya bomba, uyaache yatulie. Asubuhi ya mwezi wa sita hapa Mbeya maji hayo huwa baridi bila kutafuta barafu. Tuseme kipimajoto kinasoma nyuzi 18. Pembeni andaa vikombe vinne vya maji ya nyuzi 50, kwa kuchanganya ya kuchemka na ya baridi. Kikombe cha kwanza hakina chumvi, cha pili kina gramu 10 kwa kilo, cha tatu 20, cha nne 35. Tia rangi ya chakula kidogo, kiasi kile kile kwenye kila kikombe.

Chomeka kipande cha mrija kwenye mdomo wa bomba la sindano, ukizungushie utepe usivuje. Vuta maji ya kikombe kimoja, teremsha mrija hadi katikati ya chupa, kisha sukuma taratibu sana, kama mtu anayemnywesha mtoto dawa. Ukisukuma kwa nguvu utakuwa unapima nguvu ya kidole chako badala ya densiti. Tazama wingu la rangi linakwenda wapi.

Maji yasiyo na chumvi hupanda juu mara moja. Ya gramu 10 hupanda pia, kwa uvivu. Ya gramu 20 hushuka. Ya gramu 35 hushuka kama jiwe, ingawa ni ya moto. Kwa joto hili, mizani inasimama karibu na gramu 15, na ukitengeneza kikombe cha namna hiyo utaona wingu likisita pale pale katikati, likitanuka kama moshi ndani ya nyumba isiyo na dirisha.

Kinachoharibu jaribio hili ni kuchelewa. Maji ya moto hupoa haraka ndani ya bomba la sindano, na yakishuka hadi nyuzi 40 mizani haipo tena kwenye gramu 15, inahamia karibu na 9. Kikombe cha gramu 10 kilichopaswa kupanda kitasita au kitashuka. Kikundi kikileta matokeo hayo, usiwaambie wamekosea. Waulize walikaa muda gani kabla ya kusukuma, na wapime joto la maji yaliyobaki ndani ya bomba. Mara nyingi watajirekebisha wenyewe, na watakuwa wameelewa zaidi kuliko waliopata jibu la kwanza.

Usibadilishe kingine chochote wakati huo huo. Ukibadilisha chumvi, joto liwe lile lile. Ukibadilisha joto, chumvi iwe ile ile.

Sasa tushuke baharini

Andika namba hizi kwenye daftari. Ni namba za mfano, zimezungushwa, lakini zinafanana na unachoweza kukikuta ukienda mbali mashariki ya pwani yetu kwenye kina kirefu cha Bahari ya Hindi.

Juu kabisa: nyuzi 28, chumvi 35.0
Mita 200: nyuzi 16, chumvi 35.2
Mita 1,000: nyuzi 6, chumvi 34.7
Mita 3,000: nyuzi 2, chumvi 34.7

Chora grafu mbili, moja ya joto na moja ya chumvi. Weka kina kwenye mstari wa wima, sifuri ikiwa juu na mita 3,000 chini, kisha joto au chumvi kwenye mstari wa mlalo uliowekwa juu ya grafu. Wanafunzi wengi huweka sifuri chini kwa mazoea ya hisabati, bahari ikapinduka na kila maelezo yanayofuata yakawa kinyume. Anza chumvi kwenye 34 badala ya sifuri, la sivyo mstari utaonekana umenyooka kabisa.

Ukimaliza utaona joto linaporomoka kati ya juu na mita 1,000, kisha karibu halibadiliki. Sehemu hiyo ya mporomoko ni tabaka la mpito. Juu yake kuna maji ya uvuguvugu ambayo upepo huyakoroga, chini yake kuna baridi inayochukua sehemu kubwa ya bahari yote. Ukipima wastani wa joto la bahari nzima ya dunia, ni chini ya nyuzi 4. Bahari ya joto anayoijua mtu aliyeoga Dar es Salaam ni ngozi nyembamba.

Sasa pima nani anayeipanga bahari hii, chumvi au joto. Tumia kanuni ya kukadiria: gramu moja ya chumvi huongeza densiti kwa kilo 0.76 katika kila mita ya ujazo. Kushuka kwa nyuzi moja huongeza kama kilo 0.3 maji yakiwa ya nyuzi 28, lakini kilo 0.1 tu yakiwa karibu na nyuzi 5. Kati ya juu na mita 1,000 joto limeshuka nyuzi 22. Chukua wastani wa 0.23 kwa kila nyuzi, unapata ongezeko la kilo 5 hivi. Chumvi imepungua gramu 0.3, ambayo ni punguzo la kilo 0.2. Joto limeshinda kwa mbali. Densiti ya juu ni karibu kilo 1,022 na ya mita 1,000, bila kuhesabu mgandamizo, ni karibu 1,027.

Tazama tena ile kanuni, maana inaficha jambo kubwa. Maji yakiwa ya moto, joto lina nguvu. Yakiwa ya baridi, joto linakosa nguvu na chumvi inachukua usukani. Ndiyo sababu huku kwetu kwenye joto bahari imepangwa na jua, lakini karibu na ncha za dunia imepangwa na chumvi. Kule Antaktika maji ya bahari huganda yakifika karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Barafu inapojiunda huitema chumvi, na maji yanayobaki chini yake yanakuwa baridi na ya chumvi zaidi kwa pamoja. Yanazama hadi sakafuni na kutambaa polepole kuelekea kaskazini. Zile nyuzi 2 ulizoziandika kwenye mita 3,000 hazikutengenezwa hapa. Jua la Mtwara halina mchango wowote kwenye maji hayo. Yameletwa kutoka kusini ya mbali.

Juu kabisa mambo hubadilika kwa mvua, mito na jua. Wakati wa masika Rufiji hutandaza maji mepesi juu ya yale ya chumvi mbele ya delta, na sehemu ya maji hayo ilianza safari Usangu. Bahari ya Shamu ni kinyume: hakuna mto wa kudumu unaoingia, jua linavukiza maji mwaka mzima, na chumvi hufika karibu 40. Baltiki, inayopokea mito mingi katika nchi za baridi, sehemu zake nyingi hazifiki hata 10. Kwenye ikweta, ambako mvua ni nyingi, bahari huwa na chumvi pungufu kidogo kuliko kwenye ukanda mkavu wa nyuzi 25 hivi za latitudo kaskazini na kusini.

Mgandamizo hauna mambo mengi ya kuzungumza. Kila mita 10 unazoshuka huongeza uzito sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu usawa wa bahari. Kwenye mita 4,000 ni mara 400, na maji yenyewe hubanwa kwa chini ya asilimia mbili. Hubanwa yote kwa pamoja, kwa hiyo mgandamizo haubadilishi sana nani awe juu na nani awe chini. Hilo ni la chumvi na joto. Ukiulizwa kwa nini maji ya chini ni mazito na ukajibu "kwa sababu ya mgandamizo" peke yake, umejibu sehemu ndogo ya swali.

Jaribu kanuni hiyo kwa Nyasa

Ziwa Nyasa lina kina cha karibu mita 700. Juu maji yake hubadilika kati ya nyuzi 23 na 28 hivi kufuatana na msimu. Chini kabisa ni karibu nyuzi 22.7. Chumvi ni kidogo mno juu na chini. Kwa kanuni yako, tofauti ya densiti kati ya juu na chini ni kilo moja na nusu hivi au pungufu, ndogo sana ukilinganisha na kilo 5 za baharini.

Mtu angetegemea kwamba ziwa lenye tofauti ndogo namna hiyo lingekorogeka kirahisi, na upepo wa kusini unaovuma kati ya mwezi wa tano na wa nane kweli hulikoroga, lakini sehemu ya juu tu. Chini ya mita 250 hivi maji ya Nyasa hayana oksijeni, na samaki hawaishi huko. Bahari kwa wastani ina kina kama mara tano ya Nyasa, tofauti yake ya densiti ni kubwa zaidi, na bado ina samaki hadi kwenye mitaro yake mirefu.

Rudi kwenye chupa na bomba lako la sindano utapata sababu. Ili maji ya juu yafike chini yakiwa na oksijeni, lazima mahali fulani yawe mazito kuliko yaliyoko chini. Bahari ina mahali hapo: Antaktika na kaskazini ya mbali ya Atlantiki, ambako baridi na chumvi huungana. Nyasa halina. Usiku wa baridi zaidi wa mwezi wa saba kule Kyela hauwezi kuyapoza maji ya ziwa lote hadi yawe mazito kuliko ya nyuzi 22.7 yaliyolala chini, na hakuna barafu ya kutema chumvi. Maji ya juu yanabaki juu. Mvuvi wa Matema anatega nyavu zake kwenye tabaka hilo, na chini yake kuna mamia ya mita za maji yasiyo na oksijeni na yenye chumvi kidogo mno, ambako samaki hawashuki.